Nguru au tafi? Kumchagulia samaki mjamzito na watoto hapa Malindi

Jumamosi iliyopita nilishuka sokoni na wifi yangu, ambaye ana mimba ya wiki kumi. Ni majira ya kaskazi, bahari imetulia, na mashua zinavuka mwamba na kurudi na samaki wa maji makuu. Juu ya meza palikuwa na nguru wa kilo kumi na tatu hivi, amekatwa vipande vya duara vipana kuliko kiganja changu nikikikunjua. Chini, juu ya gunia lililoloweshwa, kulikuwa na mafungu ya tafi na sinia moja ya vibua, ambao wengi wetu huku huwaita una. Wifi alimwonyesha nguru kwa kidole bila kusita. Nilipomwambia tuchukue na vibua, alitikisa kichwa. "Hao nimekatazwa, wifi. Wana zebaki."

Kumbe alitumiwa orodha kwenye WhatsApp, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, inayosema mjamzito asile papa, nduaro wala "makreli". Aliuliza makreli ni nani, akaambiwa ni vibua. Nguru hakumwona kwenye orodha, basi akaendelea kumla mara mbili kwa wiki. Na kabla ya hapo muuguzi mmoja alimwambia aache samaki wote mpaka ajifungue, jambo ambalo kwa mtu aliyezaliwa pwani halitekelezeki, na kwa mtoto aliye tumboni si zuri.

Orodha yenyewe asili yake ni mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA. Kule, makreli anayekatazwa ni yule mkubwa wa Atlantiki, ambaye ni wa jenasi moja na nguru wetu. Vibua ni wa jenasi nyingine kabisa, mdogo wa mwili, na jamaa zake wa karibu wamewekwa upande wa samaki walio salama. Kwa hiyo neno moja lililotafsiriwa vibaya lilimtenga wifi yangu na samaki mzuri, likamwachia yule aliyepaswa kumpunguza.

Kwa nini samaki wawili wa bahari moja watofautiane

Watu huniuliza zebaki, metali hii yenye sumu, inatoka wapi, maana Malindi hatuna viwanda vikubwa. Inatoka mbali. Makaa ya mawe yakichomwa hutoa zebaki hewani, na wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kukamatia chembe za dhahabu kisha huichoma ivukize. Kazi hiyo ya dhahabu, ambayo hata huku kwetu Kenya inafanyika Migori, ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote duniani cha zebaki inayorushwa hewani na binadamu. Mvuke huo husafiri na upepo, huanguka na mvua, na baharini bakteria wanaoishi kwenye hewa haba huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hiyo ndiyo inayoingia mwilini na kukaa.

Ikishaingia kwenye mwani na vijidudu vidogo, hupanda ngazi kwa ngazi. Samaki wadogo wadogo waitwao simu, pamoja na vibua, hula vijidudu hivyo, nguru hula simu na vibua, papa humla nguru. Kila mlaji hukusanya zebaki ya wote aliowala, wala haitoki upesi. Tafi yeye hapandi ngazi hiyo. Chakula chake ni mwani na majani ya bahari ndani ya mwamba, na maisha yake si marefu. Nguru huwinda tangu akiwa mdogo na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi akiendelea kujaza. Basi ukitaka kumhukumu samaki yeyote sokoni, hata usiyemjua jina, jiulize mambo mawili: anakula nini, na ana ukubwa gani?

Zebaki haina harufu, haina rangi, haina ladha. Imeshikana na nyama yenyewe, haiko kwenye mafuta wala kwenye ngozi. Ndiyo maana kumchemsha samaki na kumwaga maji hakusaidii, wala kumlowesha kwenye ndimu, wala kumkaanga mpaka akauke. Nimewasikia kina mama wakisema ndimu "inakata sumu". Ndimu inakata shombo tu.

Wakipangwa pamoja

Jedwali hili linaonyesha zebaki iliyomo kwenye mlo mmoja wa gramu 150 za nyama, bila mfupa. Nimelipiga hesabu kwa wastani wa vipimo vya FDA, na pale ambapo samaki wetu hasa hayumo kwenye vipimo hivyo nimechukua jamaa yake wa karibu. Tafi nimemwekea namba ya mkizi, kwa kuwa naye hujilisha chini kabisa ya ngazi. Litumie kulinganisha samaki na samaki, si kama kipimo cha kipande ulichoshika mkononi.

| Samaki | Zebaki kwa mlo (mikrogramu) | Mjamzito |
|---|---|---|
| Papa | 147 | Aache |
| Nguru mkubwa | 110 | Aache |
| Nduaro | 73 | Aache |
| Chewa | 67 | Mara moja kwa wiki, akiwa mdogo |
| Jodari | 53 | Mara moja kwa wiki |
| Changu | 25 | Mara moja kwa wiki, hata zaidi kidogo |
| Vibua | 13 | Mara kwa mara |
| Tafi, mkizi | 8 | Mara kwa mara |
| Ngisi | 4 | Mara kwa mara |
| Simu, kamba | 2 | Mara kwa mara |

Sasa kikomo ni kipi? Wataalamu wa pamoja wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, waliweka mwaka 2003 mikrogramu 1.6 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mtu, na kiwango hicho walikiweka wakimfikiria mtoto aliye tumboni. Wifi yangu ana kilo 60, kwa hiyo kikomo chake ni 96 kwa wiki.

Tukaketi kivulini tukahesabu wiki yake ya kawaida. Nguru mkubwa mara mbili: 110 na 110, jumla 220. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kikomo, kwa milo miwili tu. Kisha tukapanga wiki nyingine: tafi mara mbili (16), simu mara moja (2), vibua mara moja (13), changu mara moja (25). Jumla 56. Siku tano za samaki, na bado yuko chini ya kikomo kwa nafasi nzuri. Alinitazama, akaangalia tena ile karatasi. Alikuwa amejiandaa kuambiwa apunguze, na hapa anaambiwa ale mara nyingi zaidi.

Ushauri wa FDA wenyewe ni mfupi: mjamzito ale milo miwili hadi mitatu kwa wiki, kila mmoja wa gramu 110 hivi, kutoka kwa samaki wa zebaki ndogo, au mlo mmoja tu kutoka kwa wale wa kati. Asiyetaka kushika kalamu afuate huo. Lakini umetungwa kwa watu wasiokula samaki sana. Mtu wa Shella au Mayungu anayekula samaki karibu kila siku atanufaika zaidi akijua hesabu inavyokwenda.

Nguru si wa namna moja

Sitaki mtu asome hapa akamfukuza nguru nyumbani. Namba ya 110 ni ya ndugu yake mkubwa wa Marekani. Nguru mdogo wa kilo mbili au tatu amekula miaka michache tu, na nguru wa namna hiyo nafuu kumweka daraja moja na jodari, mlo mmoja kwa wiki. Tabu ni kwamba ukifika sokoni ameshakatwa na kichwa kimeshauzwa. Basi angalia kipande. Kikiwa duara lake linaenea ndani ya kiganja chako, vidole vikibaki nje, huyo alikuwa mdogo. Kikifunika kiganja na vidole, au kikihitaji kukatwa nusu ndipo kiingie kwenye karai, huyo ni mkubwa, mwachie mwenye nyumba asiye na mimba. Na muulize mchuuzi alikuwa kilo ngapi. Kwa kawaida anajua, maana amemnunua kwa mizani.

Kanuni hiyo hiyo ni ya chewa, kolekole na mzia. Wadogo wanaoingia sufuriani wazima ni wa kati. Wale wanaobebwa begani na watu wawili wakae mbali na mjamzito.

Majira nayo yanachagua. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, wavuvi wengi hubaki ndani ya mwamba na malema na mishipi, na soko hujaa tafi, changu na pono. Kaskazi ndiyo huleta nguru, jodari na nduaro kwa wingi, na bei zao zikishuka kila mtu huwakimbilia. Mjamzito wa kaskazi ana kazi zaidi ya kuchagua kuliko wa kusi. Huo ndio wakati wa kumtafuta mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga, kwa kuwa yeye huuza samaki wadogo mwaka mzima, na simu wake ni rahisi kuliko chochote kilicho juu ya meza.

Papa mkavu

Huyu nampa nafasi yake, kwa sababu jikoni mwetu anapendwa na watu hawamhesabu kama samaki. Papa tayari yuko juu kabisa ya ngazi. Akipigwa chumvi na kuanikwa hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, na kinachotoka ni maji peke yake. Zebaki yote inabaki. Kwa hiyo gramu mia za papa mkavu zina zebaki mara mbili au zaidi ya gramu mia za papa mbichi. Ukimlowesha usiku kucha chumvi itatoka, nyama itavimba tena, na zebaki itabaki humo humo.

Najua mtu atasema anatia kipande kidogo tu kwenye mchuzi wa nazi ili upate harufu. Kipande cha gramu 50, kikiwa kikavu, kinaweza kubeba zebaki ya wiki nzima ya mama wa kilo 60. Mwenye hamu ya mchuzi wa samaki mkavu atumie dagaa wakavu au ng'onda wa samaki wadogo. Nao hukolea wakikaushwa, lakini wameanza na kidogo mno kiasi kwamba hata ukizidisha mara tatu bado ni kidogo.

Nduaro wa kukaushwa kwa moshi, anayeuzwa mahotelini kwa vipande vyembamba, ni vivyo hivyo. Wanaofanya kazi huko hupata mabaki yake na kuyaleta nyumbani. Mjamzito asiyaguse.

Jodari wa mkebe ni swali ninaloulizwa na vijana wanaokaa mbali na soko. Wa mikebeni mara nyingi ni jodari wadogo wa jamii ya sehewa, na wana kiasi cha theluthi moja tu ya zebaki ya jodari mkubwa. Mkebe mmoja au miwili kwa wiki hauna neno. Jodari mweupe wa mkebe ni yule mkubwa zaidi, huyo mhesabu kama jodari wa sokoni.

Watoto, na habari ya miba

Ukimuuliza mama yeyote hapa kwa nini mtoto wake hula nguru, atakujibu: hana miba. Ni jibu la haki. Mtoto wa miaka mitatu akikwamwa na mwiba wa tafi, nyumba nzima hukosa raha. Lakini tazama hesabu. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo 14 hivi, na kikomo chake kwa wiki ni mikrogramu 22. Kipande cha nguru mkubwa chenye gramu 30, sawa na vidole viwili vya mtu mzima, kinammalizia wiki yake yote. Cha papa kinampitisha. Kwa tafi, gramu hizo hizo ni chini ya mikrogramu mbili.

Kwa hiyo tutafute samaki wadogo wasiotesa kwa miba. Simu wakikaangwa mpaka wakakauka hutafunwa wazima, mifupa ikawa chokaa ya kumjenga mtoto. Kamba aliyemenywa hana mwiba, ila kwa mtoto mdogo mkate vipande vidogo. Ngisi mchanga akichemshwa taratibu hulainika, naye pia mkate mdogo mdogo. Tafi mwenyewe akichomwa mzima nyama hutoka kwenye uti kwa mabamba. Ipasue kwa vidole, siyo kwa kijiko, kwa sababu kidole huhisi mwiba ambao jicho halikuuona. Mwambie mchuuzi akate mapezi kabla hujamfunga kwenye mfuko, maana miba ya mapezi ya tafi ina sumu inayochoma vikali ikikudunga akiwa mbichi.

Kiasi kinachopendekezwa kwa watoto ni mara mbili kwa wiki, kutoka kwa samaki wa chini ya jedwali: gramu 28 kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitatu, 56 kwa wa miaka minne hadi saba, 84 kwa wa minane hadi kumi, na 110 hivi kuanzia miaka kumi na mmoja. Usipokuwa na mizani, kipimo kizuri ni kiganja cha mtoto mwenyewe, bila vidole. Kinakua naye.

Kwa nini asiache tu

Zebaki ya methili huvuka kondo la nyuma, na damu ya mtoto huibeba kwa wingi zaidi kuliko ya mama. Hilo lilijulikana kwa uchungu Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba na ugonjwa ukatangazwa rasmi mwaka 1956. Kuna mama waliokuwa karibu wazima kabisa, wakazaa watoto walioharibika ubongo. Ndiyo maana mjamzito hawezi kungoja dalili zimwambie. Ganzi ya vidole na midomo huja kwa kiwango kikubwa sana, na mtoto anaweza kuguswa mapema zaidi ya hapo.

Lakini kuna upande wa pili, na uko kwenye bahari hii hii yetu. Visiwani Shelisheli watafiti wamewafuatilia watoto tangu miaka ya 1980. Mama zao walikula samaki wastani wa mara 12 kwa wiki, na zebaki kwenye nywele zao ilikuwa juu kuliko ya Wamarekani kwa mbali. Watoto hao walipopimwa akili mara kwa mara wakikua, hakukuonekana madhara ya wazi yanayofuata zebaki. Kwenye Visiwa vya Faroe, kaskazini ya Atlantiki, ambako zebaki ya mama ilitoka hasa kwenye nyama ya nyangumi, watafiti waliona upungufu mdogo wa kumbukumbu na lugha. Samaki huleta mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo na macho ya mtoto, pamoja na madini joto. Mama anayeacha samaki wote humnyima mtoto hayo, na hapa kwetu mara nyingi anayeziba nafasi ni chapati na chai.

Alichoniuliza wifi mwishoni ndicho huulizwa na wengi: na wale nguru niliokwisha kula? Mwili huitoa zebaki ya methili polepole, nusu yake kila baada ya siku 50 hivi. Yeye amebakiwa na wiki thelathini, sawa na siku 210. Akibadilisha leo, ile ya zamani itagawika nusu mara nne kabla ya kujifungua, ibaki kama sehemu moja kati ya kumi na sita. Ubongo wa mtoto unajengwa muda wote huo, kwa hiyo anayepanga kushika mimba afanye mabadiliko miezi minne au mitano mapema. Akijifungua anyonyeshe bila hofu, kwa kuwa maziwa hupitisha zebaki ya methili kidogo kuliko kondo. Aendelee tu na samaki wale wale wadogo.

Tulinunua mafungu mawili ya tafi, mapezi yamekatwa, na vibua vya mia mbili. Mchuuzi alituuliza kama nguru tumemwacha kwa sababu ya bei. Wifi akamjibu, "Hapana kaka, nipimie akija mdogo."